Mara 800 kati ya 1,000

"Kaka, nina miaka 62, ni nesi hapa Minnesota, na nataka kurudi nyumbani Kenya. Kwenye 401(k), akiba yangu ya kustaafu ya kazini, nina dola 600,000, asilimia 60 hisa na zilizobaki hati fungani. Nataka kutoa 27,000 kila mwaka kwa miaka 30, juu ya pensheni ya serikali. Programu ya mshauri wangu imetoa uwezekano wa kufaulu wa asilimia 80. Niandike barua ya kuacha kazi?"

Dada, tuanze kwa kuifungua hiyo 80 tuone ndani mna nini.

Programu inachukua akiba yako, inatoa 27,000 za mwaka wa kwanza, kisha inaokota faida au hasara ya mwaka huo kwa bahati nasibu, kama mtu anayevuta karata. Mwaka wa pili inatoa tena, inavuta tena. Ikifika mwaka wa 30 imemaliza maisha mamoja ya kubuni. Inarudia hivyo mara 1,000, halafu inahesabu ni mara ngapi pesa hazikuisha. Kwako ilikuwa mara 800.

Mfano huu wa karata una asili yake. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam alikuwa akipata nafuu baada ya kuugua, akicheza karata peke yake, akajiuliza ana nafasi gani ya kushinda. Hesabu ilikuwa ngumu mno, akaona ni rahisi zaidi kucheza mara nyingi na kuhesabu ushindi. Mbinu ikapewa jina la Monte Carlo, mtaa wa kamari huko Monaco. Lakini Ulam alikuwa na karata 52 anazozijua zote. Karata za soko la hisa la miaka 30 ijayo hakuna aliyeziona, kwa hiyo mshauri wako amezitengeneza mwenyewe. Asilimia 80 inaeleza yaliyomo kwenye karata hizo.

Hata hivyo siungani na wanaosema mbinu hii itupwe. Ilikuja kuziba kosa kubwa: hesabu ya wastani, ile ya kusema "akiba itakua asilimia 5 kila mwaka" na kuchora mstari ulionyooka. Mtu anayetoa pesa kila mwaka haishi kwenye wastani. Chukua miaka minne yenye matokeo haya: hasara ya 20, hasara ya 10, faida ya 10, faida ya 25, zote kwa asilimia. Kama hutoi kitu, 600,000 zako zitaishia 594,000, mpangilio uwe wowote. Sasa toa 27,000 mwanzoni mwa kila mwaka. Mabaya yakitangulia, unabaki na karibu 463,000. Mpangilio ukigeuzwa, mazuri yakatangulia, unabaki na karibu 505,000. Miaka ni ile ile, soko ni lile lile, na tofauti ni dola 42,000, kwa sababu mwanzoni ulilazimika kuuza hisa zikiwa zimeanguka, na zilizouzwa hazikuwepo soko lilipopanda. Hesabu ya wastani hailioni jambo hili kabisa. Uigaji huu wa karata unaliona, na hiyo peke yake inatosha kuupa nafasi mezani.

Sasa upande wa pili. Nimeijaribu mipango yako kwa karata zinazokaribia sana kukupa 80: wastani wa faida ya asilimia 5 kwa mwaka baada ya kuondoa mfumuko wa bei, na kuyumba kwa asilimia 11 juu au chini katika mwaka wa kawaida. Nikishusha wastani huo kutoka 5 hadi 4, bila kugusa kingine chochote, kufaulu kunashuka kutoka 80 hadi karibu 66. Hakuna mtu duniani anayeweza kukuhakikishia kama miaka 30 ijayo italeta 5 au 4. Ndiyo maana sipendi kuona ripoti yenye desimali, kama 80.3. Hata marudio yenyewe 1,000 yana mtikisiko wa pointi mbili hivi kila upande, kwa hiyo mpango wa 80 na mpango wa 82 ni mpango mmoja. Kurudia mara 100,000 kutaondoa mtikisiko huo, lakini karata zitabaki zile zile za kubuni.

Kingine ni kwamba programu nyingi huvuta kila mwaka kana kwamba haujui uliotangulia. Soko halifanyi hivyo kila mara. Hisa kubwa za Marekani zilianguka karibu asilimia 9 mwaka 2000, 12 mwaka 2001 na 22 mwaka 2002, mfululizo. Mfumuko wa bei wa miaka ya 1970 nao ulikaa mwaka hadi mwaka. Kwa haki, kosa hili linaweza kwenda upande mwingine pia: baada ya kuanguka sana, soko mara nyingi limepanda, na karata zisizojuana zinaweza kuchora maafa marefu kuliko historia.

Neno lenyewe "kufaulu" nalo lina shida. Maisha yaliyoishia na dola moja mwaka wa 30 yamefaulu. Yaliyoishiwa mwaka wa 29 yamefeli, sawasawa na yaliyoishiwa mwaka wa 16. Mwombe mshauri akuonyeshe zile 200 zilizofeli: ziliisha mwaka gani, na miaka yao kumi ya mwanzo ilikuwaje. Utaona nyingi ziliharibika mapema. Na zote zinamdhania mtu anayeendelea kutoa 27,000 zake huku akiba ikiyeyuka mbele ya macho yake. Wewe hutafanya hivyo.

Kwa hiyo mimi naisoma 80 hivi: ni mpango ambao pengine hautahitaji kuguswa, na ambao una nafasi ya kweli ya kuhitaji kuguswa. Amua sasa utaugusa lini. Watafiti wa mipango ya kustaafu Jonathan Guyton na William Klinger walipendekeza kanuni mwaka 2006 ambayo sehemu yake moja inakufaa: kiwango chako cha kutoa kikipanda kwa moja ya tano kupita cha mwanzo, punguza matumizi kwa asilimia 10. Umeanza kwa kutoa asilimia 4.5 ya akiba, kwa hiyo mpaka wako ni asilimia 5.4. Kwa thamani ya dola ya leo, hapo ni akiba ikishuka hadi 500,000. Ukifika hapo, toa 24,300 badala ya 27,000. Katika mfano wangu wa mabaya kutangulia, ungeuvuka mpaka huo mwisho wa mwaka wa kwanza tu, ukiwa na 458,400.

Jaribu basi kwa bajeti yako halisi: je, unaweza kuishi na 24,300? Ukiweza, sioni sababu ya 80 kukuzuia. Ukishindwa, anza na 24,000 tangu siku ya kwanza, ambako kwa karata zile zile kufaulu kunafika karibu 90, au ongeza muda kazini.

Lakini kuna jambo ambalo karata hizo hazina kabisa. Zimepima dola na bei za Marekani, na wewe utanunua unga kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa karibu 129. Dola 2,000 za mwezi zilitoka shilingi 320,000 hadi 258,000 bila soko la hisa kufanya lolote. Tena Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, kwa kawaida hailipii matibabu nje ya Marekani. Kabla ya barua, mwambie mshauri aweke bima ya afya ya Kenya kwenye matumizi, kisha aendeshe upya kwa wastani wa 4, na uniletee namba ya mwaka ambao zile za kwanza kufeli zinaishiwa.