Punda Chongo wa Safu ya 19

Utafiti wetu ulihusu punda wa Lamu: mizigo wanayobeba, vidonda vya mgongoni, na wenyewe wanawatibu vipi. Tulihoji watu 46, tukaandika makala, jarida likaikubali. Nikajiona nimemaliza. Ndipo mwalimu wangu akanipigia simu: jarida lataka tamko la upatikanaji wa data, na waliotufadhili wanataka rasimu ya mpango wa usimamizi wa data. Mpango huo hutungwa kabla ya kazi kuanza. Sisi tulikuwa tunamwita mkunga mtoto ameshaanza kutambaa.

Tamko nililiandika kwa dakika mbili: "Data zote zinapatikana kwa atakayeziomba." Mwalimu akarudisha na swali moja: "Fomu ya ridhaa yasemaje?"

Sikuwa nimeifungua tangu siku ya kuipiga chapa. Lakini majina si nitayafuta? Nikafuta safu wima ya majina na ya namba za simu, nikachapisha jedwali pale saiba niliangalie vizuri, nikapitia kwa khalati yangu auzaye mahamri. Nilipokwenda kunawa, khalati aliishiwa na magazeti ya kufungia. Akachukua karatasi zangu.

Niliporudi alikuwa amevaa miwani, anasoma. "Ndoo hapa, mwanangu. Huyu wa 19 si ammi yako?"

"Khalati, hapo hamna jina."

"Jina la nini? Mwanamume, miaka 68, Kipungani, punda watano. Na hapa kwenye maoni: 'mmoja chongo, ndiye mchapakazi.' Kipungani nzima ina punda chongo wangapi?" Akateremsha kidole. "Na huyu wa 31, mwanamke mwenye punda, Shela, mjane? Nimwite?"

Kwa dakika kumi alitambua watu tisa. Wa kumi alimbishania na mteja.

Na ammi mwenyewe akaja kutaka chai. Khalati akamsomea jibu lake la swali la 14: je, humpiga punda akigoma? "Ndiyo, kila siku."

Ammi akanigeukia taratibu. "Wewe uliniambia yatasikiwa na wewe na mwalimu wako tu."

Usiku ule nikafungua fomu. Ammi alikuwa ameikariri kuliko mimi niliyeiandika: "Majibu yako yataonwa na watafiti wa mradi huu peke yao." Na fomu hazikuwa aina moja. Kamati ya maadili ilitutaka tuirekebishe katikati ya kazi. Toleo la pili likaruhusu majibu kutolewa kwa watafiti wengine baada ya kuficha utambulisho. Nikahesabu saini moja moja: 29 toleo la kwanza, 17 la pili.

Wale 29 basi, hata ukiwaficha namna gani, hawatoki. Waliahidiwa kwamba wengine hawataona kabisa, na hiyo ni ahadi tofauti na kufutiwa jina. Waliobaki 17 nikawafinya: umri kwa makundi ya miaka kumi, kijiji kikawa "mjini" au "nje ya mji", punda "1–2" au "3 na zaidi", maoni nje. Kisha nikatazama kila mchanganyiko una watu wangapi. Nilijiwekea wasipungue watano. Wa Shela bado alisimama peke yake, kwa kuwa mwanamke alikuwa mmoja tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiangalii jina pekee: mtu akiweza kutambulika hata kwa kuzunguka, hizo ni data zake binafsi. Na ukitafuta wa kutambua kwa kuzunguka, humpati anayemzidi khalati.

Tamko likaishia hivi: "Majedwali ya jumla yameambatishwa na makala. Majibu ya washiriki 29 hayatolewi, kwa mujibu wa ridhaa waliyotia saini. Majibu ya washiriki 17 yanaweza kuombwa kwa kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti." Kwa kamati, si kwangu, mimi hubadilisha laini ya simu kila nikigombana na mtu.

Mpango nao nikaujenga kwa kuuliza kila faili: uko wapi, nani ana ufunguo wako, wafutwa lini? Faili la majina na namba za washiriki lilikuwa folda moja na majibu, kama kufunga mlango ukatundika ufunguo kwenye komeo. Nikalihamishia kwa mwalimu. Sauti za mahojiano, ambazo fomu ilisema zitafutwa zikishanakiliwa kwa maandishi, nilizikuta zote 46 kwenye simu yangu, katikati ya taarabu.

Kesho yake nikarudi kukusanya karatasi. Moja ilikosekana. Ammi akavua kofia, akanionyesha imekunjwa ndani, ina mafuta ya hamri.

"Hii yangu imeshahifadhiwa," akasema. "Mwenye kuitaka aombe kwangu, si kwa kamati."