"Siku Tatu Kabla" Inanichosha

Jumapili vijana walinifuata kwa binamu yangu, huku Ligula, Mtwara, na kompyuta yao, nikaone episodi ya kwanza ya tamthilia yao ya korosho. Kabla hata ya majina kutokea, Somoe, katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yuko chini ghalani, damu usoni, anahema. Giza. Maandishi: SIKU TATU KABLA. Halafu Somoe anakunywa chai. Dakika sita za chai, jamani!

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mtazamaji wa simu ana kidole chepesi na lazima umkamate mapema. Lakini ile damu ilikuwa inaifunika chai tu. Ukiikata sini ya mwanzo na kinachofuata kikapooza, mgonjwa ni kile kinachofuata.

Ubaya zaidi ulikuja katikati. Somoe anafukuzwa na pikipiki barabara ya Mikindani, muziki unapiga, na mimi natafuna muhogo kwa raha zangu. Nitaogopa nini? Nimeshaonyeshwa kwamba atafika ghalani salama, akapigiwe huko. Ukichota tukio la mbele, umemwambia mtazamaji nani atakuwa hai hadi hapo. Basi hatari ya njiani mpe mwingine. Nikawaambia, pikipiki imfukuze mdogo wake.

Na kwa nini kipigo? Kipigo kinauliza "nani kampiga?" na basi. Chota tukio linalomfanya mtu aseme, "Huyu mama wa watu kafikaje hapa?" Ndani ya skripti yao hiyohiyo lilikuwemo, wamelizika karibu na mwisho: usiku, Somoe peke yake, anafumua gunia, anachota korosho kwa bakuli na kuzipeleka gunia jingine. Taa za lori zinapiga mlangoni. Kata hapo hapo, kabla mlango haujafunguliwa. Sekunde hamsini zinatosha.

Sisi wa huku tutasema mara moja: mwizi! Tukifika tena pale baadaye, tumeshajua mdogo wake alinunua korosho za kangomba, zile za magendo, akajazia mawe. Sasa kamera isimame upande wa pili tulione jina kwenye gunia linalochotwa: la mama yao. Anatoa korosho za nyumbani kufidia mawe ya mdogo wake. Mikono ileile, bakuli lilelile, ila mwizi hayupo tena. Mwanzoni jina tulilificha kwa pembe ya kamera tu. Hatukuonyesha lolote la uongo. Ukimwonyesha mtazamaji picha ya uongo, akigundua hakusamehi.

Vijana walikuwa wameirudia sini yao ya kipigo nzima, dakika mbili, neno kwa neno. Ya nini? Rudisha sekunde chache tukumbuke, kisha mlango ufunguke twende mbele.

Hadithi za kuanzia na maiti sina ugomvi nazo; pale "nani kamuua?" ndiyo hadithi yenyewe.

Vijana wakanisikiliza kwa adabu zote. Mwisho mmoja akajikuna kichwa: "Sawa dada, lakini ile rangi ya damu tumeshanunua ndoo nzima."