Usidai laki na kumi, dai kumbukumbu za mkeka

Kijana mmoja wa bodaboda wa pale Sabasaba, hapa Dodoma, alinipa barua yake ya malalamiko niipitie kabla hajaituma kwa kampuni ya kubeti. Aliweka 10,000 timu ya ugenini ishinde, odi 11.00. Mkeka ukapokelewa, pesa ikakatwa, timu ikashinda. Kesho yake akakuta mkeka umefutwa, 10,000 imerudi, na ujumbe kwamba odi zilikuwa na "kosa la wazi". Barua nzima ilikuwa hasira na dai la 110,000.

"Bwana mdogo," nikamwambia, "hiyo laki na kumi sahau."

Odi ziligeuzwa. Mwenyeji dhaifu alipewa 1.25, mgeni mwenye nguvu akapewa 11.00, wakati kampuni nyingine zilikuwa na kinyume chake. Ushahidi mkubwa zaidi ulikuwa kwenye picha ya skrini aliyopiga mwenyewe: mgeni kushinda kwa tofauti ya mabao mawili au zaidi ilikuwa 1.80. Hakuna namna kushinda kwa mabao mawili kukawa rahisi kuliko kushinda tu. Kampuni itaonyesha mstari huo huo na kesi imeisha.

Ila haki yake ipo, nayo haiko kwenye 11.00. Tulifungua masharti aliyoyakubali: odi ikikosewa, kampuni inaweza kufuta mkeka au kuulipa kwa odi sahihi. Kwa odi sahihi angepata 12,500. Kampuni ikachagua kufuta, tena baada ya filimbi ya mwisho, matokeo yakijulikana. Hapo ndipo mimi naona kuna ujanja. Je, mgeni angefungwa, ile 10,000 ingerudi? Na waliombetia mwenyeji kwa 1.25 wakapoteza, wamerudishiwa dau zao? Odi zao nazo zilikosewa, tena wao ndio waliopunjwa.

Kama kampuni imefuta mikeka iliyoshinda tu na kumeza iliyochanika, hilo si kusahihisha kosa. Ni kubeti huku unajua matokeo.

Basi tukaiandika upya, nusu ukurasa. Namba ya mkeka, saa ulipopokelewa, saa ulipofutwa, picha ya skrini, ujumbe wa muamala. Anadai 2,500 iliyobaki, na anataka ajibiwe mambo mawili: kosa liligunduliwa saa ngapi, na je, mikeka yote ya soko lile ilifutwa, ya walioshinda na walioshindwa? Wakikaa kimya au wakimjibu kwa kunakili masharti, barua hiyo hiyo na majibu yao vinakwenda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inayosimamia kampuni hizi kwa sheria ya mwaka 2003. Mchezaji hawezi kuona mikeka ya wenzake. Bodi inaweza kuitaka.

Aliguna kuhusu hiyo 2,500, akasema haijazi hata tenki. Lakini aliituma.