Gego la mtoto wa miaka 5 halilegei lenyewe

Jana kwenye grupu la familia imetumwa picha ya mtoto wa binamu yangu, huko Kanda ya Ziwa, shavu limejaa upande mmoja mpaka jicho linasukumwa juu. Kumbe wiki tatu nyuma aling'olewa meno mawili kwenye zahanati moja, akapewa antibayotiki na "mama, mrudishe baada ya wiki mbili". Wiki mbili! Kama anasubiri fundi cherehani.

Haya, najua, taya nyingi zinazovimba ni jipu la jino kweli, na daktari wa meno hawezi kumshuku kila mtoto kansa. Sawa. Ila jipu lina jino bovu, linauma, linachoma, na dawa ikiingia siku chache tu unaona nafuu. Huyu jino lilikuwa zima, maumivu hamna, na yaliyolegea ni magego. Miaka mitano jamani! Ya mbele ndio yanaanza kutoka kwenye miaka 6, magego ya utotoni ni mpaka 9 huko. Magego mawili yakicheza kwa pamoja ujue kuna kitu kinayasukuma kutoka ndani ya mfupa.

Kitu chenyewe mara nyingi huku kwetu kwenye malaria ni limfoma ya Burkitt, kansa ya chembe nyeupe za damu, ile ambayo daktari Denis Burkitt aliielezea kutoka Mulago, Kampala, mwaka 1958, kwa hiyo tusijifanye ni ugeni. Seli zake zinaweza kujizidisha mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Sasa piga hesabu ya hizo wiki mbili za kurudi. (Kwa wengine inaanzia tumboni, tumbo linajaa watu wanasema minyoo.)

Na kinachoniudhi ni kwamba kasi hiyohiyo ndiyo inayofanya kemo iipige vizuri, uvimbe unaweza kunywea ndani ya siku chache. Lakini ukiwa umeshakuwa mkubwa, kuyeyuka kwenyewe kunakuwa hatari, maana seli zinazokufa zinamwaga potasiamu na asidi ya yuriki kwenye damu, figo zinagoma, moyo unaweza kusimama. Ndio maana kabla ya dozi ya kwanza ya siklofosfamaidi, dawa ya kemo yenyewe, mtoto anawekewa dripu nyingi, anapewa alopurinoli ya kuzuia hiyo asidi ya yuriki isipande, na mkojo unapimwa kila saa. Aliyewahi anapita hapo kirahisi zaidi. Aliyechelewa matibabu yenyewe yanaweza kumuondoa.

Kwa hiyo nimemwambia binamu asiende kung'oa jino lingine, aende hospitali ya rufaa leo, kinyama kikatwe kipelekwe maabara, na uti wa mgongo upimwe maji yake maana ugonjwa huu unapenda kupanda kichwani. Na shavu likinywea baada ya dozi ya kwanza asije akafungasha kurudi nyumbani eti kapona, dozi zikikatishwa unarudi. Shangazi ameshaanza kuuliza kama hakuna dawa ya kuchua.