Kikao cha familia kisubiri kwanza

Baba na Mama, salamu za heshima.

Barua hii kijana wenu ameisoma kabla sijaifunga, na sentensi moja aliyoniomba niifute nimeifuta. Sitaki aone tunamzungumzia kwa kumficha.

Ni wiki ya tano sasa anabaki darasani wakati wa mapumziko. Mpira ameacha. Daftari la fizikia, alilokuwa akilipigia mistari kwa rula, lina kurasa tupu, na akiulizwa jambo dogo anafoka. Mama, uliniambia kwa simu kwamba ni kiburi. Naomba tusimpe jina hilo bado. Kijana wa miaka 15 mwenye huzuni nzito si lazima alie. Pengine hukasirika upesi, hukesha usiku na kuacha alivyovipenda. Siku mbili tatu za namna hiyo hazinitishi. Zikifika wiki mbili mfululizo, ndipo huanza kufuatilia kwa karibu.

Baba, najua umemwita baba yake mkubwa Jumapili wamkalishe chini. Nia ni njema, lakini kwa maoni yangu kikao hicho kisubiri. Mbele ya watu wazima wanne, kijana hutoa ahadi yoyote itakayomruhusu ainuke, na lililomsibu hubaki palepale.

Badala yake mshirikisheni kazi ndogo, na mmoja wenu tu: kuchambua mchele, kurekebisha mnyororo wa baiskeli. Macho yakiwa kwenye kazi, kusema huwa rahisi. Robo saa inatosha. Usianze na "una nini?" Taja ulichokiona: "Siku hizi sikuoni ukienda uwanjani." Kisha nyamaza. Akijibu "sijui", ipokee, maana huenda kweli hajui. Kesho kutwa rudia kazi, si swali. Simu pia msimnyang'anye. Huenda rafiki pekee aliyebaki yumo humo. Usiku ilale sebuleni, pamoja na za kwenu.

Upole huu una mpaka. Akisema amechoka kuishi, akianza kugawa vitu vyake, au mkiona alama za kujikata, msingoje miadi yetu. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Msimwache peke yake, fungieni dawa za vidonge na za shambani, na siku hiyohiyo mpelekeni hospitali. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.

Mimi nitaendelea kuonana naye kila Jumanne baada ya chakula cha mchana. Anayoniambia hubaki kwangu, isipokuwa usalama wake ukiwa hatarini, na hilo nilimweleza siku ya kwanza. Walimu nimewaomba wasimwinue kujibu maswali mbele ya darasa kwa sasa.

Ijumaa ya wiki ijayo, saa nane mchana, nawakaribisha ofisini. Amekubali kuwepo. Ameomba tu kiti chake kiwe karibu na mlango, nami nimeshakisogeza.