Barua Niliyoipigia Lamineshni

Nilipoacha kazi ya stoo kwenye kampuni moja ya vifaa vya umeme kule Barabara ya Nyerere, bosi alinikabidhi barua ya mapendekezo. Niliisomea palepale getini, nikahisi machozi. Nikapitia Kariakoo nikaipigia lamineshni, ile plastiki ngumu ya moto, nikatoa na kopi 14. Kumi na tatu nikazisambaza kwenye ofisi za watu kabla wiki haijaisha. Moja mama akaibandika ukutani sebuleni kwetu Tandika, pembeni ya kalenda.

Jumapili ile shangazi alikuja kula pilau. Shangazi amekuwa afisa utumishi miaka mingi hadi akastaafu, na miaka ya mwisho alisimamia wafanyakazi kwenye mradi wa Wajerumani. Mama akasema, “Msomee shangazi yako.” Nikasimama kama shehe anayefungisha ndoa:

“Mtajwa hapo juu alikuwa nasi kuanzia Machi 2019 hadi Juni 2022. Katika kipindi hicho alijitahidi kutimiza majukumu aliyopangiwa. Ni mtu mchangamfu, na wenzake watamkumbuka kwa mazungumzo yake. Alikuwa nadhifu wa mavazi nyakati zote. Tunamtakia kila la heri, na tunaamini atapata mahali panapomfaa.”

Mama akapiga kigelegele. Jirani akaitikia kutoka uani. Shangazi akaendelea kutafuna.

“Shikamoo tena, shangazi,” nikasema, maana ukimya ule ulinitisha.

“Marahaba. Umetoa kopi ngapi?”

“Kumi na nne.”

Akaweka kijiko chini. “Haya, kaa. Ulikuwa unafanya kazi gani pale?”

“Mtunza stoo.”

“Nionyeshe neno stoo kwenye hiyo barua.”

Nikatafuta. Nikageuza na nyuma, kwenye plastiki tupu. Halikuwepo. Halikuwepo neno leja, wala mzigo, wala hesabu ya mwisho wa mwezi.

“Na funguo alikuwa anashika nani?”

“Mimi.”

“Mtu kashika funguo za mali ya watu miaka mitatu na zaidi, halafu tajiri wake hasemi kama ni mwaminifu. Kasema shati lake limepigwa pasi.”

Hapo nikajitetea kwamba sijawahi kuiba hata balbu, jambo ambalo ni kweli. Shangazi akasema anajua, ila msomaji wa Masaki hajui. Kila kazi ina kitu kimoja ambacho mwajiri mpya anataka kukisikia kwanza. Kwa dereva ni usalama wa gari, kwa keshia ni fedha, kwa mtunza stoo ni mzigo kutopungua. Barua ikikiruka kitu hicho na kwenda kusifu cha pembeni, msomaji mzoefu anatulia hapohapo kwenye pengo.

Kisha akaingia kwenye “alijitahidi”. Akaniuliza, “Ukisema mgonjwa alijitahidi kula, alikula?” Mama akacheka, nami nikamkazia macho. Shangazi akasema Wajerumani wamelifanya jambo hili kuwa ngazi kabisa. Kwao mfanyakazi anayeondoka ana haki kisheria ya kudai barua inayoeleza kazi na mwenendo wake, na barua hiyo lazima iwe ya kweli na wakati huohuo isimharibie riziki. Sasa utasemaje ubaya kwa wema? Wakabuni vipimo. Aliyefanya kazi “daima, kwa kuturidhisha kikamilifu kabisa” ni wa daraja la kwanza. Ikidondoka “daima”, au ikidondoka “kabisa”, ameshuka. Ikibaki “kwa kuturidhisha” peke yake, kapita kwa tundu la sindano. Na “alijitahidi”, akasema, huko ni kufeli.

“Na mchangamfu?”

“Huko wakiandika kwamba mtu alipenda kuchangamka na wenzake, kuna wanaosoma kwamba anapenda chupa.”

“Astaghfirullah,” akasema mama, akanigeukia kunitazama vizuri.

Nikapata pa kupumulia. Nikamwambia shangazi kwamba hapa si Ujerumani. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamdai mwajiri akupe cheti cha utumishi unapoondoka, lakini sifa haimdai. Kwa hiyo bosi angeweza hata asiandike. Na pengine mzee wa watu hajui kuandika tu, kanakili barua ya zamani akabadilisha jina. Shangazi akakubali kwamba hilo hutokea sana, na ndiyo maana huwezi kumhukumu mtu kwa neno moja. “Ila kuna njia ya kujua,” akasema. “Tafuta barua nyingine ya mkono uleule.”

Laiti ningenyamaza. Nilikuwa nayo kwenye simu. Keshia wetu aliondoka mwezi mmoja kabla yangu, akanitumia picha ya barua yake, nami nikamcheka kwa sababu ilikuwa fupi na kavu. Nikaisoma:

“Amekuwa keshia wetu kwa miaka minne. Kila jioni saa 11 alifunga hesabu, na kila jioni ilitimia. Mwaka 2021 aligundua ankara tuliyoilipa mara mbili, akaifuatilia hadi fedha ikarudi. Ni mbishi. Akitaka kurudi namwajiri leo. Nipigieni kwa namba hapo chini.”

Sebule ikawa kimya. Feni ndiyo iliyokuwa inaongea.

“Basi mzee anajua kuandika,” shangazi akasema taratibu. “Tena anajua sana. Hiyo ankara haiwezi kubandikwa kwa mtu mwingine. Yako ukifuta jina, ukaandika jina la muuza kahawa, inabaki kweli.” Hata ule “ubishi” niliouchekea, kumbe ndio ulioipa barua nguvu: msomaji akiona kasoro moja imesemwa waziwazi, anaamini na mengine. Na aliyekupa namba yake ya simu yuko tayari kuulizwa. Barua yangu iliishia kwenye kila la heri.

Kinachoniuma ni kwamba nimelelewa na wanawake wa kanga. Jirani akikatiza uani na kanga mpya, mama anajua neno lake limemlenga nani kabla hajamaliza kulisoma. Mimi mwana wa nyumba hiyo nimepigwa fumbo kwenye karatasi yenye mhuri, nikalitolea kopi.

Jumatatu nikarudi kwa bosi. Hakushangaa. Akasema sentensi inayosemwa na mabosi wote wa mji huu: “Andika mwenyewe, niletee nisaini.”

Nikakaa kwenye benchi la mlinzi na kalamu. Nikaandika, “Alijitahidi.” Nikafuta. Nikaandika, “Ni mchangamfu.” Ilichukua karibu saa nzima mpaka nikakumbuka mvua ya Aprili, siku maji ya mtaro yalipoingia stoo na mimi na kibarua mmoja tukapandisha rafuni maboksi 62 ya nyaya, hakuna hata moja lililolowa. Nikaandika hilo, na kwamba hesabu ya mwisho ya mwaka ilitimia. Sikuitaja ya mwaka wa kwanza.

Bosi akasoma mara mbili. Akasaini, akagonga mhuri, kisha akaongeza kwa kalamu chini: “Ni kweli kuhusu maboksi. Siku hiyo pia alichelewa dakika 40. Nipigieni.”

Niliporudi nyumbani nikataka kubandua ile ya ukutani niichome. Mama akanizuia kwa mwiko.

“Iache hapo. ‘Nadhifu wa mavazi nyakati zote.’ Hizo nguo alikuwa anapiga pasi nani?”