Kushindanisha majalada kwenye video mbili tofauti si upuuzi kama inavyodaiwa

Mwenye chaneli ya YouTube akiweka jalada, yaani picha ile mtu anayoiona kabla ya kubofya, la aina moja kwenye video hii na la aina nyingine kwenye video inayofanana nayo, kisha akalinganisha namba, wanaojua takwimu humkatiza mapema: hujapima jalada, umepima video. Hoja yao ina uzito. Video mbili hata zikifanana vipi hazina mada moja wala siku moja ya kutoka, na mfumo wa kupendekeza haukuzionyesha kwa watu walewale. Ukiona moja imebofywa zaidi, una sababu kumi za kuchagua, na jalada ni moja tu kati yake.

Dawa wanayoipendekeza inajulikana. Tangu 2024 YouTube imewapa wenye chaneli wengi jaribio la ndani: unapakia hadi picha tatu kwa video moja, mfumo unawagawa watazamaji kwa bahati nasibu, kila kundi linaona picha yake ndani ya muda uleule, na baada ya siku kadhaa, au hadi wiki mbili, unaambiwa ipi imeshinda. Mshindi hapimwi kwa kubofywa bali kwa sehemu ya muda wa kutazama aliyoleta, jambo ambalo ni la busara, kwa sababu jalada la kudanganya huleta wabofyaji wengi wanaoondoka baada ya sekunde chache. Kwa swali la "kati ya picha hizi, ipi iendelee kukaa kwenye video hii?" sioni njia iliyo bora kuliko hiyo.

Lakini si kila mtu anauliza swali hilo. Chukua chaneli inayofundisha kutengeneza baiskeli. Mwenyewe anataka kujua kama video zake zijazo ziwe na uso wa fundi kwenye jalada, au kifaa chenyewe kilichopigwa kwa karibu, mnyororo ukiwa umejaza picha nzima. Jaribio la ndani likimwambia uso umeshinda kwenye video ya breki, amejifunza habari za picha ile ya uso kwenye video ile ya breki. Huenda siku hiyo alitabasamu vizuri. Huenda breki haivutii kwa macho kama gia. Anachokitafuta ni mtindo, na mtindo haujulikani kwa video moja hata watazamaji wake wangekuwa milioni. Unajulikana kwa kurudia kwenye video kadhaa. Hapo ndipo yule anayechekwa kwa kulinganisha video tofauti anapokuwa ameshika swali sahihi, ila kwa mkono mbaya.

Kuna pia wasioweza kulitumia jaribio la ndani hata wakitaka. Video zilizowekwa alama kuwa ni za watoto haziruhusiwi. Chaneli ndogo nazo huruhusiwa lakini mara nyingi huambiwa matokeo hayana mshindi, na mfumo hauwaonei. Tuseme majalada mawili yameonekana mara 2,000 kila moja, moja limebofywa mara 80 na jingine mara 100. Kwa macho hiyo ni tofauti kubwa, asilimia 4 dhidi ya asilimia 5. Kipimo cha haraka, maadamu yameonekana mara sawa, ni kujumlisha mibofyo yote, kutafuta kipeuo chake cha pili, kisha kukizidisha mara mbili. Kipeuo cha pili cha 180 ni kama 13.4, mara mbili ni karibu 27. Tofauti ya mibofyo 20 haijafika hapo, kwa hiyo bahati peke yake inaweza kuileta. Kila jalada likionekana mara 4,000 kwa viwango vilevile, mibofyo ni 160 na 200, tofauti ni 40, na mpaka ni karibu 38. Hapo ndipo unaanza kuamini.

Sasa turudi kwa kosa ambalo, kwa maoni yangu, ndilo limeipa njia ya video mbili sifa mbaya kuliko yote: kusoma kiwango cha kubofya cha jumla. Watu hufungua takwimu, wanaona namba moja kubwa juu, wanatoa hukumu. Namba hiyo ni mchanganyiko. Aliyetafuta "breki za baiskeli zinapiga kelele" ana shida mkononi na atabofya kwa urahisi. Aliyeona jalada hilohilo kwenye ukurasa wa mwanzo, bila kuomba chochote, atalipita mara nyingi. Kwa hiyo kiwango cha jumla kinategemea sana watu wametoka wapi.

Tuone kwa namba. Video ya breki, yenye jalada la uso, imeonekana mara 1,000 kwenye utafutaji na kubofywa mara 90, yaani asilimia 9. Kwenye ukurasa wa mwanzo imeonekana mara 1,000 na kubofywa mara 30, asilimia 3. Jumla ni mibofyo 120 katika mara 2,000, asilimia 6. Video ya gia, yenye jalada la kifaa, imeonekana mara 400 kwenye utafutaji na kubofywa mara 40, asilimia 10. Kwenye ukurasa wa mwanzo mara 1,600 na kubofywa mara 56, asilimia 3.5. Jumla ni mibofyo 96 katika mara 2,000, asilimia 4.8. Msomaji wa namba ya juu anatangaza uso umeshinda kwa mbali. Ukitazama chanzo kimoja kimoja, kifaa kimeongoza kwenye utafutaji na kikaongoza tena kwenye ukurasa wa mwanzo. Kilichoiangusha video ya gia ni kwamba mfumo uliipeleka zaidi mahali ambapo kila video hubofywa kidogo.

Tena uchungu wa jambo hili ni kwamba video inayofanya vizuri ndiyo husukumwa kwa watu wasioijua chaneli, na watu hao hubofya kwa nadra. Kiwango chake cha jumla kinashuka kwa sababu imefaulu. Anayehukumu kwa namba ile ya juu anaweza kutupa mtindo mzuri kwa ushahidi wa mafanikio yake mwenyewe. Ndiyo maana ulinganisho wa haki huanza kwa kuchagua chanzo kimoja, ukurasa wa mwanzo kwa mfano, na kubaki humo.

Hata hivyo mada bado ni mbili na siku hazifanani. Hapa kuna hila ambayo wapingaji huisahau: badilisheni. Video mbili zitoke karibu pamoja. Jalada lipi liende wapi liamuliwe kwa kurusha sarafu baada ya video zote kukamilika, maana ukijiachia uchague utaupa mtindo unaoupenda video unayoipenda. Baada ya wiki moja, kwa saa ileile, kila video ipewe mtindo wa mwenzake. Kichwa cha video kisiguswe, maana ukigusa vyote viwili hutajua kipi kimefanya kazi. Ukitaka kupima vichwa, fanya hivyohivyo huku majalada yakibaki ya mtindo mmoja: "Jinsi ya kurekebisha breki" dhidi ya "Breki zinapiga kelele? Fanya hivi", na umbo hilohilo la maneno kwa gia.

Tuseme kwenye ukurasa wa mwanzo video ya breki ilipata asilimia 6 ikiwa na uso wiki ya kwanza, na asilimia 4 ikiwa na kifaa wiki ya pili. Video ya gia ilipata asilimia 5 ikiwa na kifaa, kisha 4.5 ikiwa na uso. Aliyebadilisha jalada la breki peke yake angesema uso unashinda kwa pointi 2 nzima. Aliyebadilisha la gia peke yake angesema kifaa kinashinda kwa nusu pointi. Wote wawili wamedanganywa na kalenda, kwa sababu video hupoa wiki ya pili. Ukiziweka pamoja, uso una wastani wa 5.25 na kifaa 4.5, na kila mtindo umepita kwenye mada zote mbili na wiki zote mbili. Faida ya uso ni pointi 0.75. Wiki zenyewe, ukipuuza majalada, zimeshuka kutoka 5.5 hadi 4.25, pointi 1.25. Jumlisha 0.75 na 1.25 unapata ule mporomoko wa pointi 2 kwenye breki. Toa, unapata nusu pointi ya gia.

Hesabu hiyo inasimama iwapo video zote mbili zimepoa kwa kasi inayokaribiana. Mojawapo ikichukuliwa ghafla na mfumo katikati ya wiki ya pili, jozi imeharibika, na utaijua kwa kuona mara ilizoonekana zimeruka ilhali za mwenzake zimetulia. Itupwe, lakini kanuni ya kutupa iandikwe kabla ya kuanza. Anayeamua baada ya kuona matokeo hutupa jozi zisizompendeza tu. Vilevile angalia muda wa kutazama: jalada linaloleta wabofyaji 5 katika kila 100 wanaokaa dakika 3 limekupa dakika 15, na linaloleta 4 wanaokaa dakika 4 limekupa 16.

Wapingaji watasema jozi moja si ushahidi, na hapo hatugombani. Ingawa kila jozi ina maelfu ya watu ndani yake, kwa swali la mtindo inahesabika kama kura moja. Jozi 6 zikielekea upande mmoja zote, bahati tupu ingefanya hivyo mara 1 kati ya 32, na mimi ningebadilisha mtindo wa chaneli kwa ushahidi huo. Zikiwa 5 kwa 1, bahati huweza kuleta matokeo ya namna hiyo, au makali kuliko hayo, zaidi ya mara 1 kati ya 5, kwa hiyo ningeendelea kupima. Zikiwa 4 kwa 2, ningechagua mtindo unaochukua muda mfupi zaidi kutengeneza.